Tonglen kwa anayeanza: kuvuta mateso ndani na kutoa nafuu kwa pumzi

Anayesikia habari za tonglen, zoezi la kutafakari la Wabuddha wa Tibeti, kwa mara ya kwanza huuliza jambo moja: nikishayavuta mateso ya mtu mwingine ndani yangu, yanakwenda wapi? Ni swali la msingi, na maelezo mengi ya harakaharaka hayalijibu. Mtu huambiwa avute moshi mweusi na atoe mwanga mweupe, basi. Anakaa robo saa akijijaza moshi kifuani, anainuka mzito kuliko alivyoketi, na harudii tena. Kwa hiyo nitaeleza kikao cha kwanza tangu kuketi hadi kuinuka, lakini nitakawia pale moyoni, mahali mateso yanapofikia, maana hapo ndipo wanaoanza wanapokwama.

Zoezi hili limetoka kwa Wakadampa, watawa wa Kibuddha wa Tibeti waliofuata mafundisho ya Atisha. Atisha alizaliwa Bengali mwaka 982. Alisafiri kwa bahari hadi Sumatra kumfuata mwalimu ambaye Watibeti humwita Serlingpa, akakaa naye miaka kama 12, na mwaka 1042 akaingia Tibeti, alikofundisha mpaka alipofariki mwaka 1054. Alichorudi nacho kutoka Sumatra ni mafunzo ya kuigeuza akili iliyozoea kujitanguliza. Kwa muda mrefu mafunzo hayo yalipokezanwa kwa faragha, mwalimu kwa mwanafunzi.

Aliyeyafungulia mlango ni mtawa msomi aitwaye Chekawa (1101–1175). Masimulizi ya Watibeti yanasema alikutana na maneno ya mwalimu Langri Tangpa yanayomtaka mtu awaachie wengine faida na ushindi, naye achukue hasara. Yakamchoma. Akaenda kumtafuta mwenye maneno, akakuta amekwishafariki. Ndipo akamwendea Sharawa na kumuuliza kama fundisho lile lina uzito wowote. Sharawa akamjibu kwamba ulipende au usilipende, anayetaka kuamka kikamilifu kama Buddha hawezi kulikwepa. Chekawa akabaki kwake miaka mingi. Baadaye aliwafundisha watu wenye ukoma, na wapo waliosemekana kupata nafuu, hata watu wakaliita fundisho la wakoma. Mwishowe aliyapanga mafunzo yote katika nukta saba, na ndani yake kuna maagizo mawili yanayotuhusu leo: jifunze kutoa na kupokea kwa zamu, ukivipandisha vyote viwili juu ya pumzi, na katika kupokea, anza na wewe mwenyewe. Wengi huliruka hili la pili, wakakimbilia mateso ya dunia nzima siku ya kwanza.

Moyoni kuna nini

Kwa Wakadampa, adui hayuko nje. Kinachomtesa mtu ni ile tabia ya ndani ya kujipendelea: kutaka kila zuri liwe langu na kila baya limwangukie mwingine. Tonglen huipindua tabia hiyo waziwazi. Unachokikimbia siku zote unakiita kije; unachokikumbatia siku zote unakiachilia kiende.

Hivyo mateso unayoyavuta hayaji kukaa. Yanakuja kufanya kazi. Katika mapokeo ya Wagelug, mojawapo ya madhehebu ya Ubuddha wa Tibeti, unafikiria kujipendelea kwako kama donge jeusi katikati ya kifua. Moshi ukiingia unaligonga donge hilo, na vyote viwili, moshi na donge, vinatoweka papo hapo, hakibaki hata chembe. Mahali palipokuwa na donge panakuwa wazi, na kutoka kwenye uwazi huo ndiko kunakotoka mwanga wa pumzi ya nje. Mwanga hautoki kwenye akiba yako ya nguvu, kwa hiyo hauna sababu ya kuisha.

Walimu wengine hawatumii donge. Wanasema moyo ni wazi kama anga, moshi unaingia na kupotelea humo. Njia zote mbili ni halali, lakini hazimfai kila mtu sawasawa. Mimi humshauri anayeanza achukue donge, kwa sababu linaupa moshi mahali pa kufikia na akili haitangitangi. Ila kama una mazoea ya kujilaumu na kujichukia, liache. Utaanza kuona kwamba donge ndilo wewe, na kila pumzi itakuwa kipigo juu yako mwenyewe. Chagua anga. Vyovyote utakavyochagua, kaa nacho kwa majuma kadhaa kabla ya kubadilisha.

Kuna hofu nyingine nayo inastahili jibu: je, nitaugua? Watibeti wenyewe wanasimulia habari za Maitri Yogi, mmoja wa walimu wa Atisha. Inasemekana alikuwa akifundisha, mtu akampiga mbwa jiwe, yogi akaanguka kwa uchungu, na alipofunua mgongo alama ya jiwe ilikuwa kwake. Simulizi hilo linapendwa sana, lakini mafundisho ya kila siku yanasema tofauti: karma ya mtu, yaani matunda ya matendo yake, humrudia mwenyewe, hakuna awezaye kuihamisha. Kinachobadilika kwa hakika ni akili ya anayefanya zoezi. Moshi ni taswira, si ugonjwa wala pepo. Na ndiyo sababu tonglen haimwondolei mgonjwa haja ya kwenda hospitali, wala haikuondolei wewe haja ya kumsaidia kwa mikono yako.

Kabla ya kuanza

Tenga dakika 20. Keti kwenye kiti au juu ya mto sakafuni, mgongo umenyooka bila kukakamaa, mikono mapajani, macho yamefumbwa nusu yakitazama chini. Usifanye kitandani, utasinzia. Wala usifanye mara baada ya mlo mzito.

Amua mapema utamfanyia nani, usije ukaanza kuchagua katikati ya kikao. Kwa desturi Watibeti huanza na mama, kwa kuwa ndiye wanayemhesabu kuwa na fadhila kubwa kuliko wote. Lakini kama mambo yako na mama yana majeraha, usimlazimishe kuwa wa kwanza. Chagua mtu ambaye ukimwona anaumia, moyo unakwenda kwake wenyewe bila kusukumwa. Na mateso yake yawe ya kiasi: yule anayekosa usingizi, aliyefiwa na mwanafunzi mwenzake, anayeumwa mgongo. Usianze na ndugu aliye mahututi, na usianze na mtu aliyekudhulumu.

Kikao chenyewe

Anza kwa kuhesabu pumzi 21, kama walimu wa Kadampa wanavyoelekeza. Kuvuta na kutoa ni moja. Ukipoteza hesabu, rudi kwenye moja bila kujikaripia. Usiibadili pumzi, iache iende kama inavyokwenda ukiwa umekaa kibarazani na huna haraka. Hili ulishike, kwa sababu baadaye taswira zitataka kuivuta pumzi iwe ndefu na nzito.

Baada ya hapo, kwa sekunde moja au mbili tu, acha kila kitu. Usihesabu, usifikirie, achia tu kama mtu aliyefungua dirisha na kuona mbingu. Chögyam Trungpa, mwalimu wa Kitibeti aliyefundisha sana Marekani, aliiweka hii kuwa hatua ya kwanza ya tonglen. Usiing'ang'anie. Ikipita, imepita. Kazi yake ni kukumbusha kwamba akili haikuanza ikiwa imefungwa.

Sasa fanya kazi na hali ya pumzi kabla hujamleta mtu yeyote. Ukivuta, hisi kitu cha moto, kizito, cheusi, kama hewa ya chumba kilichofungwa kutwa. Ukitoa, hisi kitu cha baridi, chepesi, cheupe. Maandiko ya Kitibeti hukifananisha na miale ya mwezi. Si lazima uone rangi. Wako watu wasioona taswira kabisa hata wakifumba macho, na hao hutumia joto na ubaridi, uzito na wepesi, na zoezi linakwenda vilevile. Dakika tatu zinatosha. Ikiwa kuvuta na kutoa pamoja kunakuvuruga, fanya kwanza kuvuta pekee kwa pumzi kadhaa, ukiacha pumzi ya nje itoke bila kazi, kisha geuza: toa kwa makusudi, pumzi ya ndani iingie yenyewe. Walimu wengi wa Tibeti hufundisha kupokea na kutoa kando kando kwanza, na ndipo huviunganisha na pumzi. Hakuna haja ya kuviunganisha siku ya kwanza.

Kisha anza na wewe. Njia ya zamani ni nzuri mno na haijulikani vya kutosha: unachukua sasa hivi mateso utakayoyapata baadaye. Kama ni asubuhi, mfikirie wewe wa jioni, amechoka, miguu inawaka, ana neno fulani linalomkereketa rohoni. Vuta uchovu ule. Ukifika moyoni, donge linagongwa, panakuwa wazi. Toa nafuu imwendee. Halafu nenda kwa wewe wa kesho, wa mwezi ujao, wa uzeeni. Mtu anayeweza kumpokelea mgeni maumivu yake lakini hawezi kuyagusa yake mwenyewe, bado anakimbia, ila amejificha nyuma ya wema. Kaa hapa dakika tano. Kwa juma la kwanza unaweza kuishia hapa kabisa, ukaenda kwenye kufunga.

Mfano: dada mwenye kipandauso

Tuseme umemchagua dada yako anayesumbuliwa na kipandauso. Ukisema tu moyoni «dada anateseka», akili haina pa kushika. Muone hasa. Amelala chumbani, pazia zimefungwa, kitambaa cha maji kipo kwenye paji la uso. Upande mmoja wa kichwa unadunda. Mwanga mdogo unaopenya chini ya mlango unamchoma macho. Kuna kichefuchefu. Na chini ya maumivu ya kichwa kuna maumivu mengine: anawasikia watoto wakinong'onezana kwamba mama anaumwa tena, na anawaza nani atawapikia.

Pumzi ya kwanza, chukua kimoja tu: kile kidundo cha kichwa. Kinatoka kwake kama moshi, kinaingia kwa pua yako pamoja na hewa, kinashuka hadi katikati ya kifua. Pale kinaligonga donge. Ona vyote viwili vikitoweka. Hapa usiende mbio. Pumzi huwa na kituo kidogo chenyewe kati ya kuingia na kutoka, na kutoweka kunatokea ndani ya kituo hicho. Usiizuie pumzi ili kukirefusha.

Ukitoa, mpelekee anachokihitaji yeye, si unachodhani wema unapaswa kufanana nacho. Mtu wa kipandauso hataki mwanga mkali. Mpelekee kiza, ubaridi, ukimya. Pumzi inayofuata, vuta kichefuchefu, mpelekee tumbo lililotulia. Inayofuata, vuta ile hofu juu ya watoto, mpelekee picha ya watoto walioshiba na sufuria zilizooshwa. Katika kutoa hakuna kikomo, unaweza kumpa hata usingizi wako wa usiku wa leo. Baada ya pumzi kumi hivi utaona huhitaji tena kupanga. Picha inakaa yenyewe, nawe unabaki na kuvuta na kutoa.

Zipo pumzi ambazo akili itakataa. Utagundua unavuta nusunusu, au umeanza kuwaza simu uliyosahau kupiga. Usipigane na kukataa huko. Geuka ufanye tonglen juu yake: vuta ule ukaidi, ule woga wa «je, nikipatwa mimi», na utoe nafasi kwa nafsi yako na kwa kila anayeogopa vivyo hivyo. Kisha rudi kwa dada. Katika zoezi hili kizuizi hugeuka kuwa kitu cha kufanyia kazi, na ndiyo maana mtu asiyehisi huruma yoyote siku fulani bado anaweza kuketi.

Ukimaliza kwa dada, panua. Muda huu huu kuna watu wasiohesabika waliolala kwenye vyumba vya giza wakiumwa kichwa. Huwajui, lakini unajua wanavyojisikia, kwa kuwa umetoka kukaa na mmoja. Vuta kwa wote, toa kwa wote. Dakika tatu zinatosha. Hatari ya hapa ni kwamba jambo hugeuka kuwa maneno matupu juu ya «binadamu wote». Ukiona hivyo, rudi kwa dada na kitambaa chake, ukae hapo mpaka wakati wa kufunga.

Kufunga ni kwa taratibu. Acha picha, rudi kwenye pumzi kwa dakika mbili. Wabuddha hapa hutoa faida yoyote ya kikao iwaendee viumbe wote; asiye wa dini hiyo anaweza kuomba kwa namna ya dini yake au kunyamaza. Halafu inuka, umpigie dada simu, na umuulize kama kuna wa kuwapikia watoto.

Yanayoharibika, na jinsi ya kuyatambua

La kwanza ni pumzi. Ukiona vidole vinafa ganzi, midomo inawasha, au kichwa kinakuwa chepesi, umekuwa ukipumua kwa nguvu na kwa haraka mno. Mwili umetoa hewa chafu kupita kiasi, na hiyo ndiyo huleta ganzi. Acha taswira, pumua polepole kwa kawaida, na hali itapita. Kesho fanya bila kupandisha kitu juu ya pumzi: fikiria kupokea na kutoa, pumzi iende zake. Mwenye pumu aanze hivyo tangu mwanzo.

La pili ni uzito unaobaki. Ukiinuka na kifua kimebana, mara nyingi umevuta vizuri lakini hukupa muda wa kutoweka. Sikiliza kikao chako kijacho: je, kuna hata sekunde moja ambapo pale moyoni ni tupu? Kama haipo, punguza. Vuta mara moja, kisha pumzi mbili au tatu za kutoa tu. Haifai kuongeza mateso mapya wakati ya kwanza bado yamekwama njiani.

La tatu halina dalili mwilini, na kwa maoni yangu ndilo gumu kuliko yote. Mtu huanza kujiona mwokozi. Utalitambua kwa namna unavyomtazama yule mtu baadaye: ukianza kumwonea huruma ya kutoka juu, au kukasirika kwamba haponi ilhali umemfanyia kazi, donge limerudi likiwa limevaa kanzu nyeupe. Dawa yake ni kurudi kwenye agizo la Chekawa na kujifanyia mwenyewe kwa siku kadhaa, ukivuta kile kiburi chenyewe.

Wapo pia wa kuahirisha. Aliyefiwa majuzi, anayeishi na kumbukumbu za ukatili zinazomrudia ghafla, aliye kwenye huzuni nzito isiyoondoka, asifanye upande wa kuvuta akiwa peke yake. Afanye kutoa tu, akijipelekea yeye utulivu kwa pumzi ya nje, na azungumze na daktari au mshauri wa afya ya akili. Kama katikati ya kikao hofu inapanda na picha hazitii, fungua macho, weka nyayo sakafuni, taja vitu vitano unavyoviona chumbani, na kikao kimekwisha.

Lini umlete aliyekukosea

Mafunzo hayaishii kwa wapendwa. Yanakwenda kwa watu usiowajua vizuri, kama kondakta au mwuza duka, na mwishowe kwa wanaokuchukia. Dalai Lama wa sasa amesimulia kwamba wakati wa machafuko ya Tibeti mwaka 2008 alifanya zoezi hili akiwafikiria viongozi wa China, akichukua hasira na chuki zao na kuwapelekea subira na huruma. Alisema halikubadilisha mambo kule, lakini lilimtuliza yeye. Naona maneno hayo yanampa anayeanza kipimo sahihi cha kutarajia.

Kabla ya kufika huko, jaribu na mtu anayekuudhi kidogo tu: jirani anayepiga muziki usiku. Vuta kile kinachomsumbua mpaka asisikie wengine, upweke wake pengine, au kelele zake za ndani. Ukiweza kukaa naye pumzi kumi bila kuanza kubishana naye kichwani, endelea. Ukijikuta unatunga hotuba ya kumjibu, bado ni mapema. Hamisha zoezi kwenye hasira yako, uivute kama uliyoikuta kwa mtu mwingine, na umrudishe jirani baada ya juma. Na kama aliyekukosea bado anakudhuru hadi leo, kwa kipigo au kwa vitisho, tonglen si sababu ya kubaki karibu naye. Ondoka kwanza, uwe salama.